Pesa imekatwa, oda haionekani: matatizo ya kulipia dukani mtandaoni kwa M-Pesa na namna ya kuyatatua

Nasimamia oda za duka dogo la vyombo vya jikoni hapa Mombasa. Duka liko kwenye tovuti iliyojengwa kwa WooCommerce, na wateja wengi hulipa kwa M-Pesa. Meseji ninazopokea kwenye WhatsApp zinajirudia: fomu inakataa, STK haiji, pesa imekatwa ila oda haipo, nimelipa mara mbili, mzigo umepelekwa kwingine. Nimeziweka hapa kwa kufuata dalili unayoiona wewe mnunuzi. Penye jambo la mwenye duka nitasema, maana kuna makosa ambayo mnunuzi hawezi kuyarekebisha hata afanye nini.

Kwanza elewa kwamba oda na malipo ni vitu viwili vinavyokaa sehemu mbili. Oda iko kwenye tovuti ya duka. Malipo yako kwenye mfumo wa M-Pesa. Ukishaweka PIN, M-Pesa hutuma ujumbe kwa tovuti kusema "huyu amelipa", na hapo ndipo oda hubadilika kuwa imelipwa. Ujumbe huo ukichelewa au ukipotea njiani, pesa yako imeshatoka na duka bado halina habari. Shida nyingi kati ya hizi zinaanzia hapo.

Dalili: unabonyeza "Place order" na fomu inakurudisha juu

Mara nyingi ni namba ya simu. Kuna fomu zinazotaka 0712 na kuendelea, nyingine zinataka 254712 bila alama ya kujumlisha, na zipo zinazokataa nafasi katikati ya tarakimu. Ukiwa umenakili namba kutoka kwenye orodha ya majina, huenda imekuja na nafasi au vistari. Ifute yote uiandike upya kwa mkono.

Baada ya hapo tazama kama kuna nafasi ya lazima uliyoiacha wazi. Hizo huwa na kinyota chekundu. Inayosahaulika zaidi ni ya upande wa anwani ya kupokelea mzigo, kwa sababu hufunguka tu ukishaweka tiki, na kwenye simu inakuwa chini sana ya skrini. Posta kodi nayo husumbua: Nairobi mjini ni 00100, Mombasa ni 80100. Ziandike kama zilivyo, pamoja na hizo sifuri za mbele.

Ikiwa vyote viko sawa na bado inakataa, fungua duka kwenye kivinjari kingine. Ikikataa na huko, tatizo ni la duka, na dawa ni kuwapigia simu.

Dalili: oda imekubaliwa lakini STK haitokei kwenye simu

STK ni kile kidirisha kinachojitokeza kikitaja jina la duka na kiasi, kisha kikakuomba PIN. Kisipotokea, sababu ya kwanza ninayoikuta ni kwamba kimetokea kwenye simu ya mtu mwingine.

Hapa anwani mbili zinaingiliana na malipo, na watu wengi hawalijui jambo hili. Fomu ya kawaida ya WooCommerce ina sehemu ya "Billing details", yaani taarifa za anayelipa, na sehemu ya "Ship to a different address?", yaani mahali mzigo unapokwenda. Nafasi ya namba ya simu iko upande wa anayelipa tu. STK hufuata namba hiyo. Sasa mtu anamnunulia mama yake aliye Voi, anafikiri "simu" ni ya kumpigia anayepokea mzigo, anaandika namba ya mama. Mama ameketi sebuleni, anaona simu inamwomba PIN ya shilingi elfu tatu na ushee kwa duka asilolijua, anabonyeza kukataa. Na amefanya vizuri kabisa kukataa.

Kwa hiyo namba ya simu iwe ya mwenye M-Pesa itakayolipa. Namba ya anayepokea iandike kwenye "Order notes" pale chini, au kwenye nafasi maalumu ikiwa duka limeiongeza. Hata ndugu aliye Doha anayemwomba kaka yake wa Nairobi alipe, namba ya kuwekwa ni ya huyo kaka.

Sababu ya pili ni kivinjari kujijazia chenyewe. Simu imekumbuka namba yako ya zamani au ya laini ya pili, ikaiweka bila wewe kuona. Soma tarakimu zote kabla ya kubonyeza.

Kama namba ni sahihi, tazama simu yenyewe. Ukiwa unaongea, mtandao ukiwa hafifu au laini ikiwa imezimwa kwenye simu ya laini mbili, STK haifiki. Na kama una muamala mwingine wa M-Pesa ambao haujamalizika, mfumo hautafungua wa pili juu yake. Subiri dakika mbili au tatu. Kuna pia laini za zamani sana ambazo menyu yake haipokei maombi haya kabisa. Ukiona STK za maduka yote hazikufikii, si duka hili peke yake, nenda kwa wakala wa mtandao wako na kitambulisho wakubadilishie laini.

Kitu kimoja usifanye: usibonyeze "Place order" mara tano mfululizo kwa hasira. Maombi yanaweza kufika yakiwa yamechelewa, moja baada ya jingine, na ukishaweka PIN mara mbili umelipa mara mbili. Subiri kwanza, soma salio, halafu ujaribu mara moja.

Dalili: pesa imekatwa, oda inasema "Pending payment" au haionekani kabisa

Hii ndiyo inayowatoa watu jasho, na nitakaa hapa zaidi.

Anza kwa kuhakikisha kwamba pesa imetoka kweli. Usitegemee ukurasa wa duka. Tafuta meseji kutoka MPESA. Mwanzoni ina namba ya muamala, herufi na tarakimu kumi zilizoshikana, kisha neno "Confirmed", kiasi, jina la aliyepokea, tarehe na saa. Meseji ikiwa haijaingia, angalia orodha ya miamala kwenye app au kupitia *334#. Kama muamala haupo, hujalipa. Kidirisha kilifungwa, PIN ilikosewa au salio halikutosha, na unaweza kujaribu tena bila wasiwasi.

Muamala ukiwepo, sababu ya kawaida ni kuchelewa. Ujumbe wa M-Pesa haujafika dukani, au umefika na ukurasa wako haujajifungua upya. Ngoja dakika kumi, kisha tazama barua pepe, pamoja na folda ya taka. Kama una akaunti kwenye duka hilo, ingia "My account" halafu "Orders". Ukikuta imekuwa "Processing", kazi imekwisha, hata kama ule ukurasa wa kwanza bado unazunguka.

Sababu inayofuata huwapata wanaolipa kwa mkono, yaani duka limewapa namba ya Paybill na kuwaambia waandike namba ya oda kwenye nafasi ya akaunti. Mtu anaandika jina lake badala ya 1184, au anaandika 1148. Pesa imefika kwa duka, lakini hakuna oda inayoidai. Kwenye meseji yako ya Paybill utaona neno "for account" likifuatiwa na ulichoandika. Linganisha na namba ya oda. Malipo ya Till hayana nafasi hiyo ya akaunti, kwa hiyo duka la Till hutegemea namba ya muamala pekee. Watumie.

Kuna pia kulipa pungufu. Umelipa bei ya bidhaa, 3,200, ukasahau usafiri wa 250. Mfumo ulikuwa unasubiri 3,450. Usirudie malipo yote. Piga simu, uliza namna ya kuongeza hizo 250.

Sababu ya mwisho, isiyotokea mara nyingi lakini inayouma, ni ujumbe wa M-Pesa kupotea kabisa kwa kuwa tovuti ya duka ilikuwa imelala wakati huo. Hapa hakuna unachoweza kufanya peke yako. Duka linapaswa kutafuta muamala wako na kuifungua oda kwa mkono. Watumie vitu vinne kwa pamoja: namba ya oda, namba ya muamala, kiasi na saa. Meseji yenye hivyo vinne naimaliza kwa dakika tatu. Meseji inayosema "nimelipa na hamjibu" inanichukua nusu saa ya kuuliza.

Fanya hivyo mapema. Duka la WooCommerce linalohesabu mali yake huishikilia bidhaa kwa muda fulani kwa ajili ya oda isiyolipwa, na mpangilio wa mwanzo ni dakika 60. Zikipita, oda inageuka "Cancelled" na bidhaa inarudi sokoni. Pesa yako haipotei, lakini sufuria uliyoitaka inaweza kununuliwa na mwingine.

Dalili: umelipa mara mbili, au una oda mbili zinazofanana

Nieleze moja iliyotokea kwetu, kwa sababu inaonyesha jinsi inavyokuwa. Dada mmoja aliona picha ya seti ya sufuria kwenye Instagram, akabonyeza kiungo, duka likafunguka ndani ya Instagram yenyewe. Akajaza fomu, akapata oda namba 1184 ya shilingi 3,450. STK ikaja, akaweka PIN saa 4:14 asubuhi, meseji ya M-Pesa ikaingia. Aliporudi Instagram kutoka kwenye meseji, ukurasa ulikuwa umetoweka. Dakika hizo seva yetu ilikuwa imekwama, hivyo ujumbe wa M-Pesa haukupokelewa, na hakupata barua pepe yoyote.

Akafungua duka upya kwenye Chrome. Kivinjari hicho hakikumjua, kikapu kilikuwa tupu. Akaanza upya, akapata oda 1185, akalipa tena 3,450 saa 4:19. Seva ilikuwa imeamka, oda ikapita. Upande wetu ilionekana hivi: 1184 "Pending payment", 1185 "Processing". Saa 5:14 na ushee ile ya kwanza ikajifuta. Kwa mtu anayetazama orodha ya oda peke yake, huyu ni mteja mmoja aliyejaribu, akashindwa, kisha akafaulu. Shilingi 3,450 zake nyingine hazikuonekana popote isipokuwa kwenye taarifa ya M-Pesa ya duka.

Aliponitumia meseji zake mbili niliona mara moja kwamba namba za muamala zilikuwa tofauti na saa zilitofautiana kwa dakika tano. Zingekuwa namba moja, ingekuwa meseji moja iliyosomwa mara mbili. Zikiwa mbili tofauti, pesa imetoka mara mbili. Tulimrudishia ya 1184 siku hiyo hiyo, tukaandika namba ya muamala kwenye maelezo ya oda ili mwenzangu asije akamrudishia tena.

Angebaki kwenye kivinjari kile kile, WooCommerce ingemrudisha kwenye oda ile ile iliyokuwa inasubiri, mradi kikapu hakijabadilika. Kuhama kivinjari au kuhama simu ndiko kulikozaa oda ya pili. Kwa hiyo ukiwa unanunua kutoka kiungo cha Instagram au Facebook, tafuta vidoti vitatu pembeni, ufungue ukurasa kwenye kivinjari chako kabla ya kujaza chochote. Na oda ikikwama, jaribu kulipia ile ile: kwenye "My account", "Orders", oda isiyolipwa huwa na kitufe cha "Pay". Usianze nyingine. Ila hata hapo, hakikisha kwanza kwamba muamala wa kwanza haupo kwenye M-Pesa, maana oda moja nayo inaweza kulipiwa mara mbili.

Ukishalipa mara mbili, chagua njia moja ya kurudishiwa. Ama liombe duka, ama omba muamala urudishwe kupitia mtandao wako, ambapo Safaricom hupokea maombi hayo kwa kuituma ile meseji ya muamala kwenda 456. Mimi nashauri duka kwanza, kwa sababu wao wanajua malipo yapi yameshikamana na oda inayofungashwa. Ukiomba pande zote mbili, au ukarudisha muamala usio wenyewe, duka litaona oda yako imenyang'anywa malipo na mzigo utasimama.

Dalili: malipo yako sawa, mzigo umekwenda kwingine

Karibu kila mara ni tiki. Usipoweka tiki kwenye "Ship to a different address?", duka linachukulia kwamba anayelipa ndiye anayepokea, na mzigo unakwenda kwenye anwani ya juu. Fomu mpya za WooCommerce zimegeuza mpangilio: anwani ya kupokelea ndiyo ya kwanza, na chini yake kuna "Use same address for billing" ikiwa imeshawekwa tiki. Hapo mtu aliyezoea fomu ya zamani anajaza anwani yake ya nyumbani juu kwa mazoea, na mzigo wa mama unamjia yeye. Soma kichwa cha sehemu kabla ya kujaza.

Anwani ya malipo ina kazi kubwa kwa wanaolipa kwa kadi, kwani kuna benki, hasa za Marekani, Kanada na Uingereza, zinazoilinganisha na ile iliyo kwenye akaunti. M-Pesa hailinganishi anwani yoyote. Inachotazama ni namba na PIN. Kwa hiyo ukilipa kwa M-Pesa, nguvu zako zote ziweke kwenye anwani ya kupokelea.

Na anwani hiyo isiwe sanduku la posta. "S.L.P., Mombasa 80100" haimfikishi mtu wa boda popote. Tuandikie hivi: "Mtwapa, barabara ya kuingia msikitini, geti la kijani la pili mkono wa kushoto, mkabala na duka la dawa. Mpokeaji Bi Halima, simu yake iko kwenye maelezo." Mtu wa boda akisoma hivyo hapigi simu zaidi ya moja.

Ukigundua kosa baada ya kulipa, usifute oda na kuanza nyingine. Piga simu dukani utaje namba ya oda, wabadilishe anwani kabla mzigo haujatoka. Ukishatoka, tarajia kulipia usafiri wa pili.

Kwa mwenye duka: pa kutazama

Mteja akisema amelipa na wewe huoni, tafuta kwanza kwenye taarifa ya M-Pesa ya biashara yako. Usitegemee picha ya skrini aliyokutumia, maana picha huchezewa. Kisha soma kumbukumbu za plagini yako. Jibu la M-Pesa huwa na sura hii:

```json
{"Body": {"stkCallback": {
  "CheckoutRequestID": "ws_CO_...",
  "ResultCode": 1032
}}}
```

`ResultCode` ikiwa 0, amelipa, na ndani utakuta `MpesaReceiptNumber`, ile namba ya muamala iliyo kwenye meseji yake. 1 ni salio halikutosha, 1032 ni ombi lilikatishwa, 1037 ni simu haikupatikana au haikujibu, 2001 ni PIN imekosewa. Ikiwa hakuna jibu lolote kwa `CheckoutRequestID` hiyo, ndipo ujumbe umepotea. Plagini nzuri inaweza kuuliza tena yenyewe kupitia `/mpesa/stkpushquery/v1/query` kabla ya kuifuta oda. Kama yako haina uwezo huo, ongeza zile dakika 60 ziwe nyingi zaidi, na kila jioni linganisha taarifa ya M-Pesa na orodha ya oda, pamoja na zilizofutwa.

Majibu yakipotea mara kwa mara, usiguse faili za plagini duka likiwa wazi. Zima kwa muda njia ya STK, acha Paybill ya mkono, umwite fundi wa tovuti. Mwambie atazame kama cheti cha HTTPS kimeisha au kama plagini ya usalama inazuia maombi kutoka nje. Mwambie pia ahakikishe kwamba namba moja ya muamala haiwezi kufungua oda mbili.

Pa kuacha kujaribu

Acha mara moja ukiona kidirisha cha PIN kinataja jina la biashara usilolijua au kiasi tofauti na cha oda yako. Katisha, kisha ulizia duka kwa namba iliyo kwenye tovuti yao.

Acha pia mtu akikupigia akijitambulisha kuwa wa duka au wa mtandao, akaomba PIN ili "aachilie oda iliyokwama". Kutafuta muamala kunahitaji namba ya muamala tu. Kata simu, na ukiwa tayari umempa, badilisha PIN hapo hapo kisha upige 100.

Na kama pesa imetoka, umelitumia duka vile vitu vinne, na siku nzima ya kazi imepita bila jibu, usilipe tena na usisubiri wiki. Piga 100 ukiwa na namba ya muamala mkononi, ueleze kwamba bidhaa haijaletwa na duka halipatikani. Pesa iliyobaki kwenye akaunti ya aliyepokea ni rahisi kurudishwa kuliko iliyokwisha kutolewa, kwa hiyo piga siku hiyo hiyo.